Hotuba ya mjomba kwa Neema na Adam, kwa Kiswahili na Kiingereza

*Nakala ya wasemaji wawili. Mjomba anasema Kiswahili, Upendo anasema Kiingereza, kila mmoja na maiki yake, maana kupokezana maiki moja kunakula muda na kumeza maneno ya mwanzo. Mjomba asizidishe sentensi nne bila kusimama. Upendo aingie makofi yakianza kushuka, asingoje yaishe. Maelezo ya mlalo hayasomwi ukumbini.*

Bwana Yesu asifiwe! Wazee wetu, shikamooni. Mwenyekiti wa kamati, wazazi wa pande zote mbili, maharusi wetu, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Mimi ni mjomba wa Neema. Kamati imenipa dakika 10. Tano zangu, tano za Upendo.

*Upendo: "shikamooni" ibaki ilivyo. Sema ni salamu ya mdogo kwa mkubwa na jibu lake ni "marahaba", halafu wape nafasi wazee wa upande wa Adam, waliotoka Glasgow, waitikie. Kwa mjomba, sema "kaka wa mama". Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba, baba mkubwa na baba mdogo, na humu ndani kila mmoja ana kiti chake.*

Ndugu zangu, nina ombi. Wageni wetu wamekaa kimya nikisema mimi, basi nasi tukae kimya akisema Upendo. Na mkisikia nimesema maneno mengi naye akayamaliza kwa neno moja, mnyoosheeni mkono arudie. Hatoki mtu humu na nusu ya hotuba.

*Upendo: tafsiri yote, pamoja na hilo la kunyooshewa mkono. Kuanzia hapa tunageuza: wewe unaanza kwa Kiingereza, mjomba anafuata, ili meza za Glasgow nazo zicheke kwanza.*

Baba Adam, Mama Adam, karibuni Dar es Salaam. Mmekuja watu 14, mmepanda ndege mbili, na joto hili la Desemba limewapokea uwanjani kabla yetu. Poleni sana.

*Upendo: "poleni" usiifanye kuomba msamaha, wataanza kutuambia si kosa letu. Sema: tunaliona linavyowachosha, na tuko pamoja nanyi.*

Baba Adam amevaa vazi la kwao, na nimesikia watu wakiliita sketi. Si sketi. Ni kitambaa cha sufu, mita 7 hivi, kimekunjwa marinda nyuma, na mistari yake ya rangi ina ukoo wake. Akitokea Mskoti mwingine anayejua mistari ile, anaweza kumtambua ni wa watu gani kabla hajasema jina. Mzee huyu amevaa sufu Dar es Salaam, mwezi wa 12, kwa heshima ya Neema. Mpigieni makofi!

Na sisi tuna kitambaa kinachosema. Mama Adam, simama mama yangu, mashangazi wakufunge. Hii ni doti ya kanga, vipande viwili. Pembeni kote ni pindo, katikati ni mji, na hapa chini ni jina. Jina la kanga yako ni hili: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

*Shangazi amgeuze taratibu ili jina lisomeke hadi meza za nyuma. Upendo: elekeza kidole kwenye pindo, mji na jina wakati unasema. Methali itafsiri neno kwa neno kwanza, kisha fafanua: kwa mgeni kuja, mwenye nyumba ndiye anayepata nafuu. Ukiruka moja kwa moja kwenye "karibuni", neno la kupona linapotea, nalo ndilo lililofanya shangazi aichague kanga hii.*

*Tunarudi: mjomba kwanza.*

Sasa mahari. Wageni wetu wengi wameuliza, wajibiwe mbele ya watu. Adam alikuja na wazee wake wa hapa mjini, mkononi wameshika jani la isale. Kwetu Wachagga, jani hilo ni la amani na la kuombea radhi. Ukiletewa, huwezi kumfungia mtu mlango. Wakaleta mbege, wakaleta blanketi la bibi, kanga za mama, shuka la baba. Hatukuuza mtoto. Bibi alimbeba Neema mgongoni, na blanketi lile ni asante ya mgongo ule.

*Upendo: epuka neno lolote la Kiingereza lenye bei ndani yake. Sema "mahari", eleza ni shukrani kwa waliomlea. Sentensi ya mgongo wa bibi isiguswe, ipite hivyo hivyo. Kisha nyamaza, bibi atataka kuitikia.*

Neema, Adam, sikilizeni maneno ya nyumbani. Atakayechelewa kurudi, apige simu, ili mwenzake asile kwa wasiwasi. Atakayekosea, aombe radhi yeye mwenyewe, asitume mtu. Akiwahi nyumbani, apike. Mshahara wake ukiingia, amwambie mwenzake ni kiasi gani. Na akisikia nduguze wanamsema vibaya mwenzake, awanyamazishe.

Mmesikia? Nimesema apige, apike, amwambie. Kiswahili hakijataja mume wala mke, nami sikutaja. Yote haya ni ya wote wawili.

*Upendo, hapa ndipo wakalimani wengi wanapoharibu. Kiingereza kinakulazimisha kuchagua wa kiume au wa kike, na mdomo uliozoea utampa Neema jiko na Adam mshahara. Taja majina yote mawili katika kila agizo, hata kama inarefuka. Kisha waeleze wageni kwamba katika Kiswahili kiambishi "a" ni cha mwanamume na mwanamke sawasawa. Nenda polepole.*

Dakika zinaisha. Ndafu yetu iko motoni tangu saa 4 asubuhi, itaingia ukumbini saa 3 usiku ikichezewa ngoma. Ni mbuzi mzima, na kichwa chake. Maharusi watakata, watalishana, kisha watawalisha wazazi. Mgeni ambaye hali nyama, au anayeona kichwa kile kikubwa mno kwake, wali wa nazi na maharage viko meza ya kushoto, na hatutamuuliza.

*Upendo: geuza saa. Saa 4 asubuhi yetu ni 10 yao, saa 3 usiku ni 9. Ukitamka 3 kama ilivyo, kuna watu watakwenda kulala hotelini wakijua ndafu ni ya alfajiri.*

Adam ameleta kikombe cha kwao. Kina mikono miwili, kwa sababu ni cha watu wawili: mmoja anakishika kwa mikono yote miwili, anakunywa, kisha anamkabidhi mwenzake naye akishike hivyo hivyo. Kwao hutiwa wiski. Leo tunatia mbege ya ndizi na ulezi, imetoka Moshi na basi la jana asubuhi. Neema, pokea. Adam, pokea.

*Jaza nusu tu. Mbege inaumuka bado na kikombe ni kifupi. Mjomba angoje wote wawili wanywe.*

Tusimame wote. Wenye soda, wenye maji, wenye mbege, inueni. Upande wa Glasgow utatufundisha neno lao la afya njema, nalo si Kiingereza, ni lugha ya wazee wao. Linatamkwa slan-ji-va. Tulijaribu mara moja. Slanjiva!

*Upendo anawaambia wageni kwa Kiingereza: sasa zamu yenu. Kigelegele ni ulimi unaopigwa haraka mdomo ukiwa wazi, sauti ikiwa juu; mashangazi watatangulia, ninyi fuateni, hakuna anayekosea. Mjomba ahesabu.*

Kwa Neema na Adam. Moja, mbili, tatu!