Barua kwa mwalimu wa hisabati kuhusu fumbo la tochi

Moshi, 14 Agosti

Mwalimu, shikamoo.

Lile fumbo la familia na tochi lilinikwamisha kwenye dakika 19, hadi nikabisha mbele ya darasa kwamba 17 haiwezekani. Sasa nimeona nilipopotea, na si kwenye kujumlisha.

Ulitupa hivi: ni usiku, kivuko cha miti juu ya Mto Karanga kinabeba watu wawili tu, tochi ni moja na haiwezekani kuvuka bila hiyo. Asha huvuka kwa dakika 1, Baraka 2, Mama 5, Babu 10. Wawili wakienda pamoja, mwendo ni wa yule wa taratibu. Wote wanne wavuke kwa dakika chache kabisa.

Hoja yangu: tochi lazima irudi mara mbili, na hakuna wa kuirudisha upesi kuliko Asha, basi kurudi ni dakika 2. Kwenda ni Baraka 2, Mama 5, Babu 10. Jumla 19, haipungui. Nikapiga mstari.

Shimo liko kwenye kwenda. Nilimtoza kila mmoja safari yake kwa sababu nilishaamua kimoyomoyo kwamba Asha ndiye msindikizaji. Fumbo halikusema hivyo. (Nadhani ni Babu aliyenichanganya, nani atamwacha babu avuke gizani bila kijana pembeni?) Mama na Babu wakienda pamoja, zile 5 za Mama zinamezwa na 10 za Babu.

Wazo hilo nililipata mapema, mwalimu, nikalitupa. Niliwatanguliza wao: 10, Mama akarudi 5, akavuka na Asha 5, Asha akarudi 1, akavuka na Baraka 2, jumla 23. Nikasema kuwaweka pamoja ni hasara. Kumbe hasara ilitokana na Mama kurudisha tochi, maana ng'ambo hapakuwa na mwepesi anayesubiri. Nilijaribu mpangilio mmoja nikahukumu wazo zima.

Basi Asha na Baraka watangulie (2), Asha arudi (1), Mama na Babu wavuke (10), Baraka arudi (2), kisha yeye na Asha wavuke (2). Ni 17. Kurudi kumepanda kutoka 2 hadi 3, ndicho nilichokuwa nakikwepa, lakini kwenda kumeshuka kutoka 17 hadi 14.

Ile 19 sijaifuta. Inaonyesha kwamba Mama na Babu wakivuka mbalimbali, hakuna njia ya chini ya hapo. Wakivuka pamoja safari ya kwanza au ya mwisho, mmoja wao atalazimika kurudisha tochi. Inabaki safari ya katikati. Uthibitisho nimeuandika nyuma ya karatasi hii, naomba uukague.

Pia nimebadilisha mwendo wa Baraka. Akitumia dakika 3, njia zote mbili zinatoa 20. Akitumia 4, kusindikiza kwa Asha kunashinda, 21 kwa 23. Naomba Jumatatu unipe dakika chache ubaoni niwaonyeshe wenzangu, hasa wale niliowabishia.

Mwanafunzi wako,
Neema, Kidato cha Tatu