Mpango wa wiki 12: kutoka 153 hadi cheti cha B2 First

Mpango huu umeandaliwa kwa kufuata hali yako. Uko kwenye kazi ya uhasibu, unaingia saa 2:00 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Hesabu za mwezi zitafungwa katika wiki ya 4 na ya 8, na mtihani wako wa Kiingereza wa Kembriji, B2 First, ni Jumamosi ya wiki ya 12. Umeshafanya mtihani mzima wa majaribio, na matokeo yake ndiyo yaliyopanga kila kitu hapa chini.

Ulipo sasa

Kusoma umepata 23 kati ya 42, matumizi ya lugha 12 kati ya 28, kuandika 20 kati ya 40, kusikiliza 17 kati ya 30, kuzungumza 34 kati ya 60. Alama za kufikia kiwango cha B2, yaani 160 kwenye mizani ya mtihani, ni 24, 18, 24, 18 na 36 kwa mpangilio huohuo. Matokeo ya mwisho ni wastani wa stadi zote tano. Kwa makadirio wastani wako ni 153, kwa hiyo zinakosekana alama 7.

Angalia pengo liko wapi. Kusoma, kusikiliza na kuzungumza umekosa alama moja au mbili tu. Matumizi ya lugha umekosa sita. Watu wengi huliona zoezi la matumizi ya lugha kama kiambatanisho cha kusoma kwa sababu yote mawili yako kwenye karatasi moja, lakini kwenye wastani lina uzito sawa na kusikiliza kote. Ukilifikisha kwenye 18 na kuandika kwenye 24, wastani unapanda kwa zaidi ya alama 5. Zinazobaki zitatoka kwenye yale matatu. Shabaha yetu ni 165, ili siku mbaya isikuangushe.

Miongozo ya Kembriji inakadiria saa 350 hadi 400 za kujifunza kufikia B1, kiwango kilicho chini ya B2, na 500 hadi 600 kufikia B2. Mpango huu una takriban saa 100. Zinatosha kwako kwa sababu tayari umepita nusu ya njia. Kwa mtu anayeanzia 140 zisingetosha.

Wiki ya kawaida

Kila asubuhi ya kazi, dakika 30 ndani ya basi: kusikiliza. Sikiliza kipande kimoja cha dakika 4 hadi 6 mara mbili, kisha mara ya tatu ukiwa na maandishi yake mbele yako. Kusikiliza vipindi vitano tofauti mara mojamoja kunazoeza sikio kukubali kutoelewa, na hilo ndilo lililokukosesha alama kwenye sehemu ya pili, ya kukamilisha sentensi. Safari ya jioni pumzika.

Jumatatu na Jumatano jioni, dakika 50: matumizi ya lugha. Jumanne, dakika 50: kuandika. Alhamisi, dakika 50: kuzungumza, na kuanzia wiki ya 5 ongeza kusoma. Ijumaa hakuna kitu. Jumamosi asubuhi, kwa muda wa saa 3: kazi ndefu ya wiki. Jumapili, kwa muda wa saa 1: daftari la makosa peke yake.

Katika dakika 50 za jioni, fanya mazoezi kwa dakika 25 na usahihishe kwa 25. Mtu aliyechoka hufanya mazoezi dakika 45, anatazama majibu haraka, anahesabu alama na kulala. Wiki inayofuata anakosa yaleyale.

Daftari la makosa lina safu nne: sentensi uliyoandika, sentensi sahihi, sababu, na sentensi mpya uliyoitunga mwenyewe kwa kanuni hiyohiyo. Usiandike kila kosa. Chagua matano kwa siku, yale ambayo ungeweza kuyarudia kesho. Jumapili ficha safu ya pili na usahihishe upya. Kosa ulilolipatia Jumapili tatu mfululizo, lipige mstari.

Wiki ya 1 hadi ya 3: sarufi inayolipa

Wiki ya 1, shughulikia vibainishi "a", "an" na "the", na nomino zisizohesabika. Kiswahili hakina vibainishi vya aina hii, kwa hiyo utaviacha bila kujua kwamba umeviacha, na zoezi la kujaza nafasi bila machaguo, lenye maswali 8, huvitafuta. Ongeza hapo nomino za ushauri, taarifa, samani na vifaa: kwa Kiingereza hazichukui wingi. Kwenye insha yako ya majaribio kosa hili limejitokeza mara nne.

Wiki ya 2, nyakati timilifu. Tatizo liko kwenye "-me-" yetu. Tunasema "amefika jana" bila shida, lakini wakati timilifu uliopo wa Kiingereza haukai pamoja na neno linalotaja siku iliyopita. Tunga sentensi 10 zenye tarehe na 10 zisizo na tarehe, uone kitenzi kinavyobadilika. Jumatano fanya kauli ya kutendwa katika nyakati zote.

Wiki ya 3, sentensi za masharti, usemi wa taarifa, na vitenzi vinavyofuatwa na kihusishi maalumu. Hizi ndizo zinazojaa kwenye zoezi la kuandika upya sentensi kwa kutumia neno lililotolewa. Zoezi hilo lina maswali 6, kila moja alama 2, na unaweza kupata alama 1 kwa nusu ya jibu, kwa hiyo usiache nafasi wazi. Jibu ni maneno 2 hadi 5, likiwemo neno lililotolewa, ambalo halibadilishwi hata kidogo. Neno lililofupishwa kwa alama ya kudondosha kwa kawaida huhesabiwa kuwa mawili. Kwenye majaribio yako majibu matatu yalikuwa na maneno 6, na alama zilipotea ingawa maana ilikuwa sahihi.

Kila Jumanne ya wiki hizi andika insha moja ya maneno 140 hadi 190. Insha ndiyo sehemu ya kwanza ya karatasi ya kuandika na haina uchaguzi. Utapewa hoja mbili, nawe uongeze ya tatu. Ukisahau ya tatu, alama ya maudhui inashuka hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Aya tano zinatosha: utangulizi wa sentensi mbili, aya moja kwa kila hoja, na hitimisho lenye msimamo. Insha ileile iandike upya Jumamosi baada ya kusahihishwa. Kuiandika upya kuna faida kuliko kuandika nyingine mpya.

Wiki ya 4: nyepesi

Unafunga hesabu. Baki na basi, Jumanne, na saa moja na nusu ya Jumamosi. Usijaribu kufidia saa hizo katika wiki ya 5, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi huvunjika: deni la saa tano hukaa kichwani mpaka mtu anaacha kabisa.

Wiki ya 5 hadi ya 7

Jumatatu sasa ni uundaji wa maneno: maswali 8, unapewa shina na unabadili umbo lake. Soma sentensi nzima kabla ya kuandika, maana mara nyingi linahitajika neno lenye maana ya kukanusha na kiambishi cha mwanzo husahaulika. Tahajia ikikosewa, alama hakuna. Tengeneza kadi 12 kwa wiki, kila kadi ikiwa na familia nzima ya neno moja: nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi na kinyume chake.

Jumanne, aina mbili tu za maandishi kwa sehemu ya pili: baruapepe na tahakiki. Chaguo linakuwa pana kuliko hizo, zikiwemo makala na ripoti, lakini huna muda wa kuzimudu zote. Baruapepe unaandika kila siku kazini. Jihadhari na kitu kimoja: lugha ya ofisini ikiingia kwenye barua ya rafiki, msahihishaji ataona hujui kutofautisha mahusiano.

Alhamisi, kuzungumza. Jirekodi ukilinganisha picha mbili kwa dakika 1 kamili. Utagundua unaeleza picha ya kwanza kwa sekunde 40, kisha unaikimbilia ya pili na kusahau swali. Anza na kufanana, halafu tofauti, halafu jibu swali kuanzia sekunde ya 35. Sikiliza rekodi ukihesabu mara ulizomchanganya mwanamume na mwanamke kwenye viwakilishi. "Yeye" yetu haijali jinsia, na kosa hili hurudi mtu akiharakisha. Tafuta mwenzako wa kufanya naye mazungumzo ya sehemu ya tatu, dakika 2 za kujadiliana na 1 ya kufikia uamuzi. Alama zinatolewa pia kwa jinsi unavyomshirikisha mwenzako, kwa hiyo kuongea peke yako kunakupunguzia.

Jumamosi ya wiki ya 6 fanya mtihani mzima wa pili. Matumizi ya lugha yawe yamefika 16. Yakiwa chini ya 14, rudia wiki ya 3 kwenye Jumatatu na Jumatano za wiki ya 7, na uache uundaji wa maneno usubiri.

Wiki ya 8 ni kama ya 4.

Wiki ya 9 hadi ya 11: saa mkononi

Sarufi mpya imekwisha. Kila Jumamosi fanya mtihani mzima wenye muda halisi, na Jumapili uusahihishe.

Karatasi ya kusoma na matumizi ya lugha ina dakika 75 na maswali 52. Gawa hivi: sehemu nne za kwanza dakika 30, ya tano 15, ya sita 15, ya saba 12, na 3 za kukagua. Sehemu ya sita, ya kurudisha sentensi 6 zilizoondolewa kwenye matini huku ya saba ikiwa ya ziada, usiijibu kwa kufuata mada. Zungushia viwakilishi na viunganishi, kisha uliza kila kimoja kinarejelea nini kwenye sentensi iliyotangulia. Kuandika kuna dakika 80: kila kazi dakika 40, yaani 7 za kupanga, 28 za kuandika, 5 za kutafuta makosa matatu yako sugu kwenye daftari.

Jibu kosa halipunguzi alama. Jaza kila nafasi.

Ukiwa na wastani chini ya 155 mwishoni mwa wiki ya 9, zungumza na kituo chako kuhusu kuahirisha. Uliza masharti yake tangu wiki ya 1, pamoja na siku ya kuzungumza, maana inaweza kuwa tofauti na siku ya karatasi nyingine.

Wiki ya 12

Jumatatu hadi Jumatano, daftari la makosa na kusikiliza tu. Alhamisi zungumza na mwenzako dakika 14, kama mtihani wenyewe. Ijumaa omba ruhusa ya kutoka mapema, weka kitambulisho na kalamu tayari, na usifungue mtihani mwingine wa majaribio. Jumamosi asubuhi, ndani ya basi, sikiliza kipande ulichokwisha kukielewa.