Kengele ya Bei

Lindo la ghala la alizeti pale Kizota huisha saa kumi na mbili asubuhi. Baba Neema alifika nyumbani, akajilaza, simu usoni. Chati ya bei ya dhahabu, mishumaa myekundu na ya kijani inayoonyesha bei ya kila dakika tano, akisubiri soko la London lifunguke. Siku ya tatu hiyo hajalala. Usiku alisinzia getini mpaka rungu likamponyoka.

"Baba Neema, hiyo bei inakujua?" mkewe aliuliza, akimwekea uji.

Mdogo wake, fundi simu wa Majengo, alipita kumsalimia.

"Kaka, unasubiri ifike wapi?"

"Dola 2,650."

"Basi bonyeza hapo kwenye mstari, weka kengele. Ikifika itakuamsha. Isipofika, huna kazi nayo."

Aliweka mbili: juu 2,650, chini 2,610. Akazima taarifa nyingine zote, akaiweka simu juu ya kabati, mbali na mkono. Vidole vilimwasha kwa muda. Upepo wa Dodoma ukapeperusha pazia, ukaleta harufu ya vumbi.

Alipoamka, jua lilishainama. Simu kimya. Neema alikuwa amerudi kutoka shule, anafanya hesabu sakafuni.