Nakumatt Mapema 2017: Tatizo, Chanzo na Suluhisho

Swali. Wewe ni mshauri wa bodi ya Nakumatt, kampuni ya supamaketi ya Kenya, mapema mwaka 2017. Rafu zinaishiwa bidhaa, wasambazaji wanadai, na menejimenti inasema kinachohitajika ni mwekezaji wa kuleta fedha. Bainisha tatizo la msingi, thibitisha chanzo chake, kisha pendekeza suluhisho na namna ya kulitekeleza.

Jibu

Tatizo la Nakumatt si uhaba wa fedha. Kampuni imejenga maduka ya kudumu kwa fedha za wasambazaji, fedha ambazo zilitakiwa kurudi kwa wenyewe baada ya miezi miwili au mitatu. Mpango huo husimama wakati mauzo yanapanda tu. Yakishuka, hata kidogo, deni la zamani linakuwa kubwa kuliko mauzo mapya yanavyoweza kulibeba. Mwekezaji akileta fedha leo bila mpango huo kubadilishwa, zitamezwa na madai ya nyuma na rafu zitabaki tupu. Kwa hiyo pendekezo langu linageuza mpangilio wa menejimenti: kampuni ipungue kwanza, mapato ya kila siku yawekewe uzio, ndipo mwekezaji aitwe.

Fedha zilivyozunguka

Supamaketi humuuzia mteja taslimu lakini yenyewe hununua mali kauli. Kisa hakina mizania iliyokaguliwa, kwani Nakumatt haikuorodheshwa kwenye soko la hisa, hivyo natumia tarakimu za mfano. Tuseme bidhaa zinazouzwa kwa mwezi zina gharama ya shilingi milioni 100, zinakaa dukani siku 30, na msambazaji analipwa baada ya siku 60. Wakati wowote kampuni inadaiwa milioni 200, na yenyewe ina mzigo wa milioni 100 kwenye rafu na stoo. Milioni 100 nyingine ziko mkononi. Hazina riba, hazina dhamana, na hakuna benki inayouliza zimekwenda wapi.

Zilikwenda kwenye upanuzi. Biashara iliyoanzia Nakuru na magodoro ilifika matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Iliingia Rwanda mwaka 2008, Uganda 2009, kisha Tanzania, ambako mwaka 2014 ilichukua maduka matatu ya Shoprite. Kila tawi jipya lilikuja na mzigo mpya wa mali kauli, na mzigo huo ulizaa fedha za kuandaa tawi linalofuata.

Sasa mauzo yashuke hadi milioni 60 kwa mwezi. Kwa masharti yale yale, deni linalobebeka ni milioni 120, mzigo ni milioni 60, na zinazobaki mkononi ni milioni 60. Milioni 40 lazima zitoke zirudi kwa wasambazaji. Lakini hazipo. Zimegeuka friza, rafu na vigae vya duka la Kigali, vitu ambavyo haviuziki kwa bei ya kununulia. Msambazaji asipolipwa anapunguza mzigo, duka linakosa bidhaa, mauzo yanashuka tena, na pengo linapanuka. Katika mfano huu hakuna aliyeiba wala aliyepata hasara kwenye bidhaa hata moja. Kampuni inaweza kupata faida kwa kila paketi ya unga na bado ikafa.

Mteja ndiye anayeharakisha mambo. Aliyekuja kutafuta unga, mafuta ya kupikia na maziwa akakuta rafu nzima imepambwa chapa moja ya maji ya chupa, chupa zimepangwa mstari mmoja mbele na nyuma yake ni wazi, hatanunua hata sabuni aliyoikuta. Atatoka na toroli tupu, aende jirani. Ndiyo maana upungufu wa bidhaa chache za msingi unaangusha mauzo ya duka zima.

Maelezo mengine, na kwa nini hayatoshi

Menejimenti inaweza kutaja maafa. Tawi la Downtown jijini Nairobi liliungua Januari 2009 na watu wakafa. Septemba 2013 tawi la Westgate liliharibiwa katika shambulio la kigaidi. Ni misiba mikubwa kwa kipimo chochote, lakini kifedha yalikuwa maduka mawili kati ya makumi, tena miaka kadhaa nyuma. Baada ya Downtown kampuni iliendelea kufungua matawi kwa kasi. Jengo la Westgate lilifunguliwa tena 2015, Nakumatt ikiwa mpangaji mkuu.

Maelezo ya pili ni ushindani wa supamaketi ya Carrefour. Duka lake la kwanza Kenya lilifunguliwa The Hub, Karen, mwaka 2016. Mshindani mwenye maduka ya kuhesabika kwa vidole, yote Nairobi, hawezi kueleza rafu tupu za Kisumu au Kigali. Amechukua wateja ambao Nakumatt ilikwisha anza kuwafukuza yenyewe.

La tatu, ambalo wachambuzi wengi hulipenda, ni umiliki wa familia. Hapa natofautiana nao. Naivas nayo ni ya familia, nayo ilianzia eneo la Nakuru, inauza unga ule ule kwa Wakenya wale wale, na katika kipindi hiki inakua. Upande wa pili kuna supamaketi ya Uchumi, iliyoorodheshwa sokoni na yenye mkono wa serikali: ilifunga milango 2006, ikafufuliwa, na 2015 ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania huku wasambazaji wakiidai. Umiliki tofauti kabisa, ugonjwa mmoja. Familia ya Nakumatt ilifanya iwe vigumu kwa mtu wa nje kusema «hapana» kwa tawi jipya, na hilo nitalirudia, lakini hilo ni kichocheo. Chanzo ni namna ya kugharimia upanuzi.

Njia zilizopo

Kusubiri mwekezaji nimeshaeleza. Naongeza moja: kila mwezi wa kusubiri unashusha thamani ya anachonunua, kwa hiyo mwekezaji mwenye akili atachelewa kwa makusudi.

Kuungana na Tuskys, supamaketi nyingine ya Kenya, kunavutia kwa sababu kungerudisha bidhaa haraka kwa jina la mwingine. Lakini Tuskys nayo huendeshwa kwa mali kauli za wasambazaji hao hao. Msambazaji anayeidai Nakumatt atapunguza mzigo kwa Tuskys pia ili asiongeze hatari yake, na ugonjwa utahamia nyumba ya pili.

Usimamizi chini ya mahakama, unaoruhusiwa na Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015, unasimamisha wadai wasikamate mali. Ni kinga halisi. Kasoro yake ni kwamba tangazo lenyewe hushtua wasambazaji, na kampuni inayoingia huko bila bidhaa dukani inapata muda tu, bila cha kuuza. Nauweka akiba.

Ninayoipendekeza ni njia ya nne.

Suluhisho

Wiki ya kwanza, uzio. Mapato ya kaunta yaingie kila jioni kwenye akaunti ya pekee yenye mwangalizi aliyekubaliwa na wasambazaji. Akaunti hiyo ilipe vitu vitatu kwa mpangilio huu: bidhaa mpya, mishahara, na pango la matawi yanayobaki. Deni la zamani lisiiguse. Benki zitapinga, na mazungumzo nazo ndiyo magumu kuliko yote. Hoja ya kuwapelekea ni thamani ya kufilisi: dhamana yao ni friza zilizotumika na majengo ya kupanga, na duka linalouza ndilo pekee litakalowalipa. Bila uzio, msambazaji aliyeleta unga Jumatatu ataona fedha zake zikilipa riba Jumanne, na Jumatano lori halitakuja.

Ndani ya siku 60, kupunguza matawi. Napendekeza kubaki na 25 hadi 30, yote Kenya, na kutoka Uganda, Tanzania na Rwanda. Kigezo kisiwe ukubwa wala umaarufu wa jengo. Kiwe mchango wa tawi baada ya pango na mishahara likiwa na bidhaa kamili, kwa hiyo hesabu itumie mauzo ya kabla ya uhaba kuanza. Bidhaa za matawi yanayofungwa zihamishiwe kwenye yanayobaki, kwa sababu duka moja lililojaa huuza kuliko matatu yenye mapengo. Na mikataba ya pango iuzwe kwa washindani ikiwa bado mikononi mwetu, hata kwa Carrefour. Bodi italiona hili kama aibu. Lakini nafasi ya mpangaji mkuu ina bei leo. Siku mwenye jengo akimtoa mpangaji kwa malimbikizo, nafasi hiyo ni yake bure. Wafanyakazi wa matawi hayo walipwe stahiki zao kutokana na mauzo haya kabla ya mdai mwingine yeyote.

Sambamba na hilo, deni la nyuma. Msambazaji mdogo wa mboga au mkate alipwe kwa awamu fupi, kwani hana uwezo wa kusubiri, na jumla ya madai yao huwa ndogo kulinganisha na ya wakubwa. Wakubwa wapewe kuchagua kati ya kugeuza sehemu ya deni kuwa hisa na kulipwa kwa miaka kadhaa. Mzigo mpya wote ulipwe taslimu au ndani ya siku 7 hadi imani irudi. Hii inaua ile fedha ya bure, nami nakusudia iuawe.

Kuanzia mwezi wa nne aitwe mwekezaji, pamoja na mwenyekiti na mkurugenzi wa fedha wasiotoka katika familia. Sharti liandikwe katika katiba ya kampuni: tawi jipya ligharimiwe kwa faida iliyobakizwa au mkopo wa muda mrefu, kamwe si kwa deni la wasambazaji.

Kupima utambuzi kwa yaliyofuata

Swali linaniweka 2017, lakini yaliyotokea yanasaidia kupima hoja. Mwekezaji hakuja. Wenye majengo waliitoa Nakumatt, na Carrefour ikaingia katika majengo ya TRM na Junction jijini Nairobi. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi. Matawi sita ya mwisho yalinunuliwa na Naivas, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe. Mwaka huo huo Tuskys ilianza kuelemewa na madai ya wasambazaji. Haya hayathibitishi kwamba mpango wangu ungefaulu. Yanaonyesha kwamba kinga ya mahakama bila bidhaa ilichelewa, na kwamba muungano ungefunga majahazi mawili yanayovuja.

Hatari na mahali pa kusimama

Hatari kubwa ni wasambazaji wakubwa kukataa uzio, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie. Kwa hiyo makubaliano yaanze kutumika pale tu wenye angalau nusu ya deni la bidhaa za msingi, yaani unga, sukari, mafuta na maziwa, watakapotia saini kwa pamoja. Kipimo cha kila wiki ni kimoja: asilimia ya bidhaa hizo zilizopo rafuni katika matawi yanayobaki. Ikiwa siku ya 60 haijafika asilimia 90, bodi iende mahakamani kuomba msimamizi siku hiyo hiyo, stoo zikiwa bado na cha kuuza.