Siku Saba za Kumi la Mwisho

Ujumbe uliingia saa 4 usiku, mwezi 22 Ramadhani. Nilikuwa nimekaa sakafuni dukani nahesabu viatu vya watoto. Nimetoka tarawehe, mgongo unaniuma, na mabalo mawili sijayafungua. Ulitoka kwa Bwana Masoud, anayeninunulia mzigo Kariakoo huu mwaka wa tisa.

"Bi Raya, nimekosea, nimetuma namba sita kwenye simu yako badala ya simu ya kijana wangu. Nirudishie haraka, mzigo wako uko bandarini."

Mzigo wangu. Kanzu za watoto 120, madira, na vile viatu vyenye taa kisiginoni ambavyo kila mtoto wa Chake Chake anavitaka kwa ajili ya viwanja vya sikukuu vya Tibirinzi. Sikukuu yetu ni siku nne, na mtoto hapendi kurudia nguo ya sikukuu mosi sikukuu pili. Ninachouza wiki ile ndicho tunachokula mpaka Mfunguo Tatu.

Meseji yenye namba sita ilikuwa imeshaingia. Chini yake imeandikwa usimpe mtu. Niliyasoma maneno yale. Nasema kweli, niliyasoma, kisha nikampa, kwa sababu aliyeniomba alikuwa Bwana Masoud.

Hakuwa Bwana Masoud. Yeye alikuwa ameshaibiwa akaunti tangu asubuhi, kwa maneno yale yale, na mimi nilifuata kwenye orodha ya majina yake. Watsapu ya duka ikanitoa hapo hapo. Nikadhani ni mtandao. Nikalala.

Alfajiri, daku hata sijalimaliza, simu ya kawaida ikaanza kuita. Wa kwanza ni mama mmoja wa Mkoani.

"Bi Raya, ile nusu nimeshaituma. Nije lini?"

"Nusu ya nini, mwanangu?"

Akanyamaza. Kimya kile bado nakisikia.

Mtoto wa kaka yangu, Suleiman, anatengeneza simu karibu na soko. Nilimkuta anafungua kibanda.

"Shangazi, hukumpa mtu namba?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akaniomba nikae, akaanza kuomba namba mpya ili atuingize tena. Haikuja. Kioo kilituambia tusubiri, kwa kuwa namba zilikuwa zimeombwa mno usiku ule. Tukasubiri, tukajaribu, tukaambiwa tena. Kutwa nzima, saumu mdomoni, wateja wamejaa dukani wananitafuta, na mwizi yuko ndani ya jina langu anafanya biashara.

Baadhi yao walikuja na simu zao, nikasoma alichoandika. Suleiman alinieleza kwamba mazungumzo ya zamani mwizi hawezi kuyaona, yamebaki kwenye simu yangu. Lakini grupu la wateja analo, watu 300 na zaidi, na kila anayemjibu anamwona. Kwa hiyo hakujua mimi huandikaje. Aliandika hivi: "Habari wateja, ofa ya Eid, kanzu bei nusu, lipia leo kwa namba hii, namba ya duka ina matatizo." Hakuna salamu. Miaka yote mie sijapata kumwandikia mtu bila ya kuanza na Assalaam alaykum, na bei ya kanzu siitaji kabla sijauliza mtoto ana miaka mingapi. Waliokuwa wakinijua kwa karibu walishtuka. Waliotuma walikuwa wale wa mbali, ambao kwao mie ni picha ya duka na namba ya simu tu. Jina la kiume lilipotokea kwenye malipo, walidhani ni mume wangu.

Saa 11 jioni namba sita zilikuja. Suleiman akaziingiza, na kioo kikaomba namba nyingine ya siri, ambayo sikuwahi kuiweka. Mwizi ndiye aliyeiweka.

"Shangazi, yeye ameshatoka. Tulipoingiza hizi amefungiwa nje. Lakini na sisi hatuingii. Bila ya namba yake ya siri ni kusubiri siku saba."

"Siku saba?"

"Mpaka mwezi 29."

Nilihesabu kwa vidole, kama mtoto. Ndiyo wiki yote.

Polisi niliripoti, wakaandika maelezo. Namba ya mwizi tuliipeleka TCRA kupitia 15040, na Suleiman akanibonyezea *106# kuhakikisha hakuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho changu. Hakuna. Kuhusu pesa, kampuni ya simu ilisema zilishatolewa dakika chache baada ya kuingia.

Basi nikarudi kwenye daftari. Nina madaftari manne ya wateja, jalada jeusi, ambayo binti yangu alikuwa akinicheka kuyaweka. Tukagawana kurasa. Yeye anapiga, mimi napiga, majina ya Wete, Konde, Kengeja, Micheweni, usiku baada ya tarawehe mpaka sauti ikakauka. Mlangoni nikabandika karatasi ya manila kwa kalamu nene: NAMBA YA DUKA IMEIBIWA, MSITUME PESA, NJOONI WENYEWE. Makonda wa gari za Wete niliwapa ujumbe kwa mdomo, na wao wakautangaza kituo kwa kituo pamoja na nauli.

Hesabu ya waliotuma ikasimama kwa watu tisa, shilingi 412,000.

Mwezi 25 alikuja Bi Mwanakombo kutoka Kojani. Amevuka kwa mashua, akapanda gari, amefunga, na umri wake si wa kusafiri kwenye jua lile. Alifungua pembe ya kanga. Ndani hamna pesa. Mna kikaratasi ambacho mjukuu wake aliandika: 38,000, kanzu mbili, viatu namba 27.

"Mwanangu, nimekuja kuchukua."

Hakuwa amesikia lolote. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikaanza kumweleza yule bibi kilichotokea, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyokuwa akikikunja kile kikaratasi kidogo kidogo, mpaka kikawa kama punje ya mtama. Hakulalamika. Alisema tu, "Mie nilisoma jina lako."

Nikageuka, nikateremsha kanzu mbili. Viatu namba 27 vilibaki pea moja, vyenye taa.

"Raya," mume wangu akanivuta pembeni, "hukuiba wewe. Utawalipa wote tisa?"

"Walilipa jina langu, baba Khadija."

Akanitazama, kisha akaenda kutafuta mfuko.

Wanane waliobaki niliwapa nguo vile vile, mmoja mmoja. Sitasema haikuniuma. Madira ya mzigo ule hayakunirudishia hata nauli ya mashua, na hadi leo Bwana Masoud namdai na yeye ananidai.

Mwezi 29, baada ya magharibi, Suleiman alikuja na futari mkononi hajaila. Akaingiza namba, na kioo hakikuuliza siri. Picha ya duka ikarudi. Meseji zikaanza kumiminika, mamia, simu inatetemeka juu ya meza kama samaki aliyetolewa majini. Niliingia kwenye grupu. Nikaandika: "Assalaam alaykum. Ni mimi Raya, nimerudi."

Kimya. Kisha mmoja akajibu: "Kama ni wewe, sema tusikie sauti."

Nikabonyeza pa kurekodia. Nilitaka kusema mengi, lakini wakati ule ule msikiti wa jirani ukatangaza kuwa mwezi umeonekana, na takbira zikaanza, na watoto barabarani wakapiga kelele. Nikasogeza simu dirishani, nikataja majina ya watoto wa wateja wangu, mmoja mmoja, na namba za viatu vyao.