Nimemlipa mtu afanye kazi yangu

Mbagala, Jumamosi, tarehe 28 Juni 2025. Saa tano na dakika kumi usiku.

Leo nimetuma nyumbani shilingi 104,000, ile 4,000 ikiwa ya kutolea, na nimerudi chumbani na uchovu ambao sidhani kama ni wa matofali peke yake. Jirani amezima redio mapema kuliko kawaida yake, nami nimeona niandike kabla usingizi haujanizidi, kwa sababu mazungumzo ya simu ya leo yameniachia jambo ambalo nisipoliandika nitaamka nalo.

Tulilipwa saa kumi na moja jioni palepale kwenye jengo, kule Kijichi, siku sita kwa 25,000 kila siku, na tulilipwa zote. Naliandika hili la kulipwa zote kwa sababu wiki iliyopita tulipewa nusu, na ile nusu nyingine bado tunaisikia kwa maneno tu. Nilimlipa mama ntilie deni lake la 12,000, kisha nikateremka kituoni kumtafuta wakala. Wa kwanza alitikisa kichwa kabla sijafungua mdomo: floti imeisha. Jumamosi jioni ndivyo ilivyo huku Mbagala, ambako watu wa kusini tumejaa. Mafundi na vibarua tunalipwa wakati mmoja, na wote tunatuma. Wa pili alizihesabu noti mara mbili, akazigongesha kwenye meza ili zikae sawa, na vumbi la saruji likabaki juu ya kioo cha meza yake, naye akalifuta kwa kiganja bila kusema neno. Nilipotuma, jina kamili la mke wangu lilitokea kwenye simu kabla sijaingiza namba ya siri. Huwa napenda kulitazama kidogo, kwa kuwa mimi na watu wote tunamwita Mama Siwema, na ni hapo tu ninapoliona jina lake likiwa limeandikwa.

Mgawanyo tulikwisha kukubaliana tangu Alhamisi: 20,000 ni za dawa za presha za mama, 25,000 ni za viatu na sare ya Siwema, ambaye shule itafunguliwa mwezi ujao akiwa na sketi iliyomfika juu ya magoti, 10,000 ni za petroli, na 45,000 ni za kijana wa kupulizia mikorosho pamoja na kukodi bloa. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazonikosesha usingizi, ingawa kwa hesabu hazina shida yoyote.

Mikorosho ile tuliipanda mimi na marehemu baba. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba salfa hupuliziwa alfajiri, kabla upepo haujaamka, wakati majani bado yana umande na unga unashika, na kwamba mtu akilala hadi jua litoke, salfa yote huenda kwa jirani na ubwiri unga unabaki kwake ukila maua. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nabeba bloa mgongoni, kitambaa puani, nikitoka kule na nguo za njano na macho yanayowasha siku nzima, na kwa kweli nilikuwa nalalamika sana. Sasa niko Dar es Salaam, nalipwa kujenga ukuta wa mtu ambaye sijawahi kumwona, na kutoka katika malipo hayo namlipa kijana mwingine akasimame mahali pangu shambani mwangu. Nimejaribu kuona kama ni hasara. Si hasara, siku mbili na kitu za kazi yangu hapa zinalipa kazi yake yote ya siku tatu kule, na bila kipato cha huku hata yale mabati ya chumba cha mama yasingepatikana. Hesabu imekaa sawa, ila moyo haujakubali kusaini.

Mama Siwema alinipigia saa mbili. Alisema pesa imeingia, lakini wakala wa kijijini hana keshi mpaka Jumatatu. Hilo nalo lina majira yake: zikiuzwa korosho, noti huzunguka hadi vioski vya mihogo, lakini mwezi wa sita Newala nzima inasubiri, na pesa zote zinakuwa ndani ya simu. Nikajua kupulizia kumesogea. Akaniambia hapana, kijana amekubali kuanza kesho kwa imani, na petroli yeye mwenyewe amekopa kwa mwenye duka, chupa mbili, akamwonyesha meseji ya muamala kama rehani. Nilicheka. Nilikuwa natafakari namna ya kumshauri, kumbe yeye alishamaliza shughuli tangu magharibi.

Kisha nikamuuliza kama ukungu umeanza, akasema asubuhi hauoni hata mwembe wa jirani, na kwamba mama anajifunika vitenge vitatu na bado anasema sisi wa Dar tumelainika. Mama mwenyewe alichukua simu. Alishukuru kwa pesa, akaniombea dua, akaniuliza kama kazi ipo, halafu akairudisha simu haraka kwa sababu anaamini kila dakika ni pesa yangu. Nimemweleza mara nyingi kwamba aliyepiga ndiye anayekatwa na kwamba sisi tuna kifurushi, lakini hasikii. Nilitaka aniulize nimekula nini. Zamani, hata nikitoka shamba la jirani tu, alikuwa ananiuliza hilo kwanza. Nadhani anaona aibu kumuuliza hivyo mtu ambaye ndiye anayemtumia za chakula. Na labda ni mimi niliyemzoesha, maana kila ninapopiga huanza na habari za pesa ili nisianze na habari nyingine.

Mtoto wetu mdogo, aliyetimiza miaka minne, alipewa simu naye. Mara ya mwisho kuniona ilikuwa Aprili ya mwaka jana, siku chache kabla mvua za Kimbunga Hidaya hazijaikata barabara ya kusini pale Somanga. Nilirudi Dar mapema ili nisikose kazi, na nilipita kabla maji hayajaichukua njia. Miezi kumi na minne imepita. Aliniuliza swali moja: “Baba, kesho utapuliza na wewe?” Nilimwambia kuna kaka atakayepuliza. Akanyamaza, kisha akauliza kama huyo kaka ndiye atakayelala nyumbani. Nilisikia mama yake akicheka kwa mbali, nami nikacheka pia, lakini sikupata jibu la kumpa mpaka salio la dakika likaisha.

Nimebakiwa na shilingi elfu thelathini na ushee za kunifikisha Jumamosi nyingine. Kodi ya chumba haijafika zamu yake. Nauli ya kwenda Newala na kurudi naiweka pembeni kidogo kidogo tangu Mei, ndani ya soksi iliyo chini ya godoro, na leo sikuigusa wala sikuiongeza.

Kesho hatuna kazi. Hata hivyo nimetegesha simu saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa kijana ataanza hapo. Nimemwomba Mama Siwema atoke nje na simu bloa itakapowashwa, aishike juu tu bila kusema kitu, nisikie inavyonguruma kwenye safu ya kwanza, ile iliyo karibu na njia, ambako mkorosho wa tatu kutoka mwanzo tawi lake liko chini sana na mgeni asiyeambiwa atagonga kichwa. Nimesahau kumwambia amwonye. Nitamwambia akipiga.