RUFAA: Akaunti ya mtoto iliyofungiwa siku 14, jahazi_la_shela

Langoni, Lamu
10 Novemba 2025

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

Mimi ni mama mzazi wa mwenye akaunti jahazi_la_shela (namba 20938475), msichana wa miaka 11. Akaunti ilifunguliwa kwa idhini yangu, na inatumia barua pepe hii hii ninayowaandikia. Mmeifungia hadi 23 Novemba kwa kosa la kutapeli wachezaji sarafu na manenosiri. Mwanangu hakufanya hivyo. Akaunti iliingiliwa, na nilikuwa nimeshawaarifu kabla hamjaifungia.

Kumbukumbu zenu zinafuata UTC, kwa hiyo naweka saa zote mbili.

Jumamosi 8 Novemba, saa nane na dakika 51 mchana (11:51 UTC), mlinitumia taarifa kwamba akaunti imefunguliwa kwenye kifaa kipya cha Windows. Nyumbani kwetu hakuna kompyuta. Mtoto huchezea tableti moja tu ya Android, na wakati huo ilikuwa kabatini mwangu, yeye yuko chuoni anasoma Kurani. Hurudi baada ya sala ya alasiri. Ujumbe mnaomlaumu nao ulitumwa kati ya 12:04 na 12:26 UTC, yaani saa tisa na dakika chache, bado hajarudi.

Taarifa yenu niliiona baadaye. Saa kumi na nusu jioni (13:30 UTC) nilibadilisha nenosiri na kuondoa vifaa vyote. Saa kumi na dakika 50 (13:50 UTC) niliwaandikia, mkanipa namba ya ombi 4471906. Sikujibiwa. Jumapili saa kumi na mbili na robo asubuhi (03:15 UTC) akaunti ikafungwa.

Tafadhali linganisheni kifaa kilichotuma ujumbe ule na tableti yake. Msiangalie mji peke yake: intaneti ya simu ya hapa Lamu mara nyingi huonekana kama iko Nairobi.

Naomba akaunti ifunguliwe, sarafu 640 zilizohamishwa zirudishwe, na kosa lifutwe kabisa kwenye rekodi yake. Kungoja siku 14 ziishe hakutoshi, maana kosa likibaki, la pili laweza kumfungia moja kwa moja. Pia naomba waliopokea ujumbe ule waambiwe kwamba haukutoka kwake. Hilo ndilo linalomliza. Binamu yake wa Mombasa, aliyekuwa akijenga naye gati la Lamu ndani ya mchezo, majahazi na milango ya nakshi, sasa anamwita mwizi.

Ikiwa uamuzi ulitolewa na mfumo peke yake, naomba mtu auangalie upya, kama kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinavyoruhusu. Nimeambatisha picha ya taarifa ya kifaa kipya na jibu lenu lenye namba ya ombi.

Wenu,
Zuhura, mama mzazi